Magunia Mbili na Magunia Mawili

Maneno nitakayoyasema jioni hii yalianzia katika njia ya Kitale na Bungoma, ndani ya matatu iliyojaa abiria na kuku, tulipokuwa tumekwisha pita Kiminini na hatujafika Kamukuywa. Nilikuwa nimekaa ubavuni pa mzee mmoja mchuuzi wa mahindi, mwenyeji wa Bungoma, ambaye biashara yake imempeleka Kitale kila juma tangu ujana wake, na alipopata kujua kwamba kazi yangu ilikuwa kusomesha Kiswahili, alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayemweleza tabibu maumivu ya siku nyingi: "Mwalimu, mimi naongea Kiswahili miaka arobaini, lakini hii Kiswahili yangu imekataa kukua."

Sababu ya huzuni yake ilikuwa hii: wenzake walikuwa wamemchagua kuwa katibu wa chama cha ushirika, naye katika mkutano wa kwanza aliposimama kusoma kumbukumbu na kueleza hesabu za msimu, aliwaona vijana wawili waliotoka chuoni wakitazamana na kutabasamu. Hapakuwa na mtu aliyemtukana wala aliyeshindwa kumfahamu. Hesabu zilikuwa sahihi, na wanachama waliridhika. Lakini tabasamu lile lilimwingia moyoni, na tangu siku ile alikuwa akijaribu kuzungumza zaidi, na kwa haraka zaidi, akidhani ya kwamba dawa ya lugha ni kuitumia tu, na kila alipojipima alijikuta palepale.

Nataka jioni hii nieleze kwa nini mzee yule alikuwa amekwama, na kwa nini ile dawa aliyoichagua haikumfaa. Kisha nitasimulia tuliyoyafanya baadaye, mimi na yeye na mjukuu wake, katika muda wa miezi michache. Mnisamehe nikikaa sana juu ya sarufi, kwani ndimo ugonjwa wenyewe ulimokuwa.

Jambo la kwanza nililomwomba ni kwamba anipe maneno yake yenyewe. Tulipofika Bungoma, tukiwa tumekaa mkahawani kwa chai, nilimtaka anieleze habari za msimu uliopita kwa muda wa dakika tatu, naye akakubali maneno yake yanaswe katika simu. Usiku niliyaandika kama yalivyotoka, bila kuyatengeneza, na miongoni mwa sentensi zake ilikuwamo hii: "Mashamba yetu ilikuwa kubwa, lakini ule mwaka mvua ilichelewa, na vile gari ilileta mbolea, magunia mbili ilikuwa imepasuka."

Itazameni sentensi hii kwa makini, kwani ndani yake imo siri yote. Pana humo mahali tisa ambapo neno linapaswa kufuata jina lake kwa upatanisho: yetu, ilikuwa, kubwa, ule, ilichelewa, ilileta, mbili, ilikuwa tena, na imepasuka. Katika mahali hapo tisa mzee alipatia matatu, nayo ni "yetu", "ule" na "ilichelewa", na akakosea sita, kwa kuwa mtu fasaha angalisema: "Mashamba yetu yalikuwa makubwa, lakini mwaka ule mvua ilichelewa, na gari lilipoleta mbolea, magunia mawili yalikuwa yamepasuka." Zaidi ya hayo, hata katika yale matatu aliyoyapatia, lile "yetu" ni la bahati tu, maana mtu anayekifanya kila kitu kuwa *i* na *y*, kana kwamba dunia nzima ni ya ngeli ya nyumba na nguo, hana budi kupatia mara moja moja, kama saa iliyosimama inavyopatia mara mbili kwa siku.

Sasa msidhani kwamba mzee huyu hakujua maana ya upatanisho. Yeye ni Mbukusu, na lugha ya mama yake ina ngeli zilizo na viambishi vingi na vizito kuliko vyetu. Hata siku moja hutamsikia akisema *sindu bino*, kwani kitu kimoja ni *sindu sino* na vitu vingi ni *bindu bino*, na mtoto wa Bungoma aliyefikia umri wa kwenda kuchunga hakosei jambo hilo. Basi mtu mwenye ala hii kamili kichwani mwake, kwa nini aliiacha nje ya mlango alipoingia katika Kiswahili?

Jawabu ni kwamba hakuihitaji. Mzee alijifunza kuzungumza Kiswahili akiwa kijana katika soko la Chwele, kisha katika mashamba na maghala ya Kitale, na huko kila alichojifunza alikilipia kwa mali yake. Akisema tatu mahali pa mbili, amepoteza gunia. Akisema kesho mahali pa jana, lori limeondoka. Akichanganya kununua na kuuza, wamemcheka na wamemkimbia. Makosa ya namna hiyo humfundisha mtu upesi, kwa sababu hasara huja siku ile ile, na ndiyo maana katika mwaka wa kwanza na wa pili mwanafunzi wa lugha hupanda kwa kasi inayomshangaza mwenyewe. Lakini anaposema "magunia mbili ilipasuka", ni hasara gani inayompata? Mnunuzi amekwisha fahamu kwamba ni magunia, na kwamba ni mawili, na kwamba yamepasuka. Zile *ya* na *ma* zinazokosekana hazibebi habari yoyote mpya. Zinairudia tu habari iliyokwisha semwa, na akili ya mwanadamu, hasa akili ya mchuuzi, haiweki ghalani kitu ambacho hakuna anayekidai.

Juu ya hayo, mazingira yenyewe yalimfunza hivyo. Kitale ni mji uliokuzwa na walowezi walioingia Trans Nzoia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na reli iliufikia mwaka 1926. Na katika mashamba yale palikutana Wabukusu, Wasabaoti, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, na juu yao bwana mzungu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu, kile ambacho watu wamekiita Kisetla, kisicho na ngeli wala vitenzi vya maana ila "lete ile kitu" na "wewe hapana sikia". Mwaka 1936 lilitoka hata buku la kufundisha Kiswahili cha bara kwa makusudi, la Le Breton, kwa manufaa ya askari, mlowezi na mfanyabiashara. Sisemi kwamba Kiswahili chote cha bara kilitoka kinywani mwa mlowezi, kwani wachukuzi, askari na wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kukipitisha njia hizo kabla yake. Nasema tu kwamba kijana aliyejifunza kwa nyapara, naye nyapara amejifunza kwa bwana, hakupata kuisikia *yalikuwa yamepasuka* mara za kutosha hata aikose. Wala siidharau lugha ile. Kwa kuuza mahindi inatosha, na kutosha huko ndiko kulikomkwamisha mzee wetu.

Mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Larry Selinker, aliliandikia jambo hili makala mashuhuri mwaka 1972, akaifananisha hali hiyo na ule mfupa wa kale uliolala ardhini hata ukageuka jiwe: lugha ya mwanafunzi, iliyokuwa hai na yenye kubadilika, hufika mahali ikaganda, na kosa lililoganda hurejea hata baada ya kudhaniwa limekwisha, hasa mtu anapokuwa na wasiwasi au anapokuwa amejisahau. Nadhani mfano wa jiwe ni mzuri, ila unawatisha watu bure, kwa maana jiwe halirudi kuwa nyama, ilhali mzee wangu alirudi.

Fahamuni basi kwa nini dawa yake ya kuzungumza zaidi haikuwa dawa. Mazoezi hukaza kile kile kinachofanyiwa mazoezi. Mtu aliyesema "magunia mbili" kwa miaka arobaini hana upungufu wa mazoezi. Amefanya mazoezi ya "magunia mbili" maelfu ya mara, na kila mara imetoka kwa wepesi zaidi, hata imekuwa haipiti tena katika fikira, inatoka moja kwa moja kwenye ulimi. Ukimwambia mtu huyo azungumze zaidi, ni kama kumwambia mwenye mkokoteni uliozama tope azungushe gurudumu kwa nguvu zaidi.

Lipo jambo jingine lililofichika zaidi, nalo ni yale mambo ambayo mwenye kukwama hayasemi kabisa. Nilipoyapitia maneno ya mzee mara ya pili, sikuona hata mahali pamoja aliposema "aliyekuja", "lililovunjika", wala "tulipofika". Mahali pa "mtu aliyekuja" alisema "mtu mwenye alikuja", na mahali pa "gari lilipoleta" alisema "vile gari ilileta". Kwa kuyaepa maneno hayo hahesabiwi kosa, kwa kuwa amelizunguka shimo badala ya kuliruka, na mwalimu anayehesabu makosa tu atampa alama nzuri. Kwa hiyo anayetaka kujua amekwama wapi, asitazame alichokosea peke yake. Na aulize pia ni nini ambacho wenye lugha hukisema kila siku na yeye hajakisema hata mara moja katika mwezi.

Tulianza hivi. Kila Jumamosi mzee alizungumza dakika tatu na simu yake, juu ya jambo lolote la juma lile, kisha mwenyewe, kwa mkono wake, akayaandika katika daftari maneno yote kama yalivyotoka. Kazi hii ilimchukua karibu saa nzima, na mara ya kwanza aliichukia, kwa kuwa hakuna mtu apendaye kuisikia sauti yake. Lakini ilipofika mstari wa tano alisimamisha kalamu akasema, "Mwalimu, huyu ni mimi kweli?" Hapo nilijua kwamba mlango umefunguka. Maana katika mazungumzo sikio la msemaji husikia kile alichokusudia. Ni maandishi tu ndiyo yanayomwonyesha alichokisema. Mzee alikuwa anaijua kanuni, kwani aliisoma shuleni na angeweza kukujibu ukimwuliza wingi wa gunia; alichokuwa hakijui ni kwamba yeye mwenyewe haifuati.

Jambo la pili, na hapa walimu wengi hukosea kwa bidii, ni kwamba nilikataa kumsahihisha makosa yote. Katika ukurasa ule yalikuwa makosa ya ngeli sita au saba, na ya vitenzi, na ya matamshi pia. Mtu akipewa yote pamoja hupata fedheha, hapati faida. Tulichagua ngeli moja tu, ile ya *li* na *ya*, kwa sababu maisha yake yote yamo humo: shamba, gunia, jembe, debe, duka, soko, gari, ghala, trekta. Kwa majuma mawili hatukutazama kingine. Akisema "kitabu yangu" nilimwacha apite salama. Akisema "duka yangu" alisimamishwa.

Na aliyemsimamisha alikuwa mjukuu wake, binti wa darasa la saba, ambaye nilimfundisha adabu moja ngumu: asimpe babu jawabu. Jambo hili lina asili ya kielimu ambayo inafaa niieleze. Huko Kanada, tangu mwaka 1965, katika mji wa St. Lambert karibu na Montreal na kisha mahali pengi, watoto wa Kiingereza wamesomeshwa masomo yao kwa Kifaransa. Wakafika hali ya kufahamu kila wasikiacho na kusema bila kusita, lakini sarufi yao ikabaki na kasoro zile zile mwaka baada ya mwaka, ingawa walikuwa wameishi ndani ya Kifaransa tangu utotoni. Mwaka 1997 wataalamu wawili, Lyster na Ranta, walichunguza madarasa ya namna hiyo wakaona kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ni kuirudia tu sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa, na kwamba masahihisho hayo ya upole ndiyo yaliyopotea hewani kuliko mengine yote. Mtoto akisema kosa, mwalimu akalitengeneza, mtoto huitikia "ndiyo" akaendelea, akidhani mwalimu anakubaliana naye. Masahihisho yaliyomlazimisha mtoto ajitengenezee mwenyewe ndiyo yaliyomfanya aongee upya.

Kwa hiyo mzee akisema, "Leo nimeuza debe tano, yote imeisha," binti hakusema "madebe matano, yote yameisha". Aliinua kidole, akasema, "Kuka, rudia hapo." Kisha alinyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu siku za mwanzo, na nyanya ya binti alinung'unika kwamba mtoto anamkosea heshima babu yake. Ikambidi mzee mwenyewe atangaze mbele ya nyumba nzima kwamba ameitoa ruhusa hiyo kwa hiari yake, na kwamba ni baada ya chakula cha usiku tu, kwa muda wa robo saa. Nalisema hili kwa sababu katika nchi yetu adabu ni sababu kubwa ya watu kukwama: hakuna mtu anayemsahihisha mkubwa wake, wala mgeni wake, wala mteja wake, na anayetaka kusahihishwa hana budi kuomba, na kuomba kwa wazi.

Juma la tatu lilikuwa baya. Mzee aliyekuwa akizungumza kama mto Nzoia wakati wa masika alianza kusitasita, na mbaya zaidi, alianza kutenda makosa ambayo hakupata kuyatenda maisha yake yote. Alisema "barua lako". Alisema "barabara lile limeharibika", na siku moja, mbele yangu, alisema "chai langu limepoa". Alinipigia simu usiku akasema kwamba nimemharibia hata kile kidogo alichokuwa nacho, na kwamba sokoni Kitale wateja walimwuliza kama ameshikwa na homa.

Mimi nilifurahi, na nikamwambia kwa nini. Mtu aliyekwama hutambulikana kwa jambo moja, nalo si wingi wa makosa. Ni kwamba makosa yake ya leo ni yale yale ya mwaka jana. Chukua dakika tatu za mazungumzo yako ya mwezi wa kwanza na dakika tatu za mwezi wa nne, uziandike zote mbili. Makosa yakiwa ni ndugu wa baba mmoja, umesimama, hata kama umeongeza maneno mia. Lakini makosa yakiwa mageni, kanuni imeamka ndani yako na inatafuta mipaka yake, na itavuka mipaka kidogo kabla ya kurudi. Yule anayesema "chai langu" ameanza kuuliza kila jina ni la kabila gani, jambo ambalo hakupata kuliuliza kwa miaka arobaini. Na kwa hakika yale "barua lako" yalidumu muda wa siku kumi hivi, kisha yakapukutika yenyewe, bila mtu kuyafukuza.

Baada ya hapo tu ndipo nilipomruhusu kutafuta mwendo wake wa zamani, na kwa hilo tulitumia zoezi ambalo Paul Nation wa Nyuzilandi ameliandikia sana: habari moja husimuliwa mara tatu, kwa wasikilizaji watatu mbalimbali, mara ya kwanza kwa dakika nne, mara ya pili kwa dakika tatu, mara ya tatu kwa dakika mbili. Kwa kuwa habari ni ile ile, akili haina haja ya kutafuta la kusema, na nguvu yake yote huingia katika namna ya kulisema, na kwa kuwa muda unapungua, kile kilichokuwa kinafikiriwa huanza kutoka chenyewe. Mzee alimsimulia mjukuu, kisha mkewe, kisha jirani. Lakini nawatahadharisha: zoezi hili lina makali pande mbili. Likifanywa kabla ya kosa kuonekana na kutengenezwa, litalikaza kosa lile lile kwa kasi zaidi. Kwetu mjukuu ndiye aliyekuwa wa kwanza kila mara, mwenye dakika nne na ruhusa ya kuinua kidole. Wale wawili wa mwisho walisikiliza tu.

Habari ya maneno, yaani msamiati, nitaipitia kwa ufupi, ingawa wengi hudhani kwamba ndiyo habari yote. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, George Zipf, alionyesha katika karne iliyopita ya kwamba maneno ya lugha hayatumiki kwa usawa, bali kwa takriban hesabu hii: ikiwa neno la kumi kwa wingi hutokea mara mia katika kurasa fulani, neno la mia litatokea mara kumi, na neno la elfu mara moja tu. Endeleeni na hesabu hiyo mfike neno la elfu tano, mtaona kwamba mtu anapaswa kupita katika maneno yapata hamsini elfu, kadiri ya kitabu kizima, ili akutane nalo mara moja. Na mara moja haitoshi kulishika. Mwanafunzi wa mwanzo hulisikia kila neno analohitaji kila siku, na kwa sababu hiyo hujiona hodari. Yule wa kati hulisikia neno lake leo, akalisikia tena baada ya miezi miwili, akiwa amekwisha lisahau. Hakupungukiwa na akili. Maneno yenyewe yameanza kuja machache.

Kwa hili mzee alifanya jambo moja rahisi: alisoma mengi juu ya kitu kimoja, badala ya machache juu ya kila kitu. Sheria ndogo za chama cha ushirika, kumbukumbu za mikutano ya miaka ya nyuma, taarifa za ukaguzi, na habari za ushirika magazetini. Maneno kama hisa, gawio, mtaji, azimio na akidi, ambayo katika gazeti zima la kawaida yangemjia mara moja au yasimjie, katika makaratasi yale yalimjia katika kila ukurasa, na hesabu ya Zipf ikawa imepinduliwa kwa faida yake. Baada ya kusoma ukurasa aliufunga, akauandika kwa maneno yake, kisha akaufungua akalinganisha. Na mahali alipoandika "watu wenye walikuja" na kitabu kimesema "wanachama waliohudhuria", alipiga mstari.

Hapo ndipo lile *waliohudhuria* lilipoanza kumwingia, na *lililopitishwa*, na *yaliyonunuliwa*, yale mashimo aliyokuwa akiyazunguka. Sikumfundisha. Kumbukumbu za mkutano haziandikiki bila hayo, na mtu akipewa kazi ambayo lugha yake ya zamani haiitoshi, huwa kama yule kijana wa Chwele aliyepoteza gunia kwa kusema tatu mahali pa mbili: hasara imerudi, na masomo yamerudi pamoja nayo.

Msije mkadhani kwamba nasema haya nikiwa nimekaa juu ya kilele. Mimi ni mtu wa pwani, nimeishi Kitale miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, na Kibukusu changu kimekwama mahali ambapo kila mtu wa Bungoma anapafahamu. Nasema *mulembe*, naitikia, nanunua kuku, nauliza habari za watoto na ng'ombe, na watu wananisifu. Na ninapoketi matangani, wazee wakianza kusimulia nasaba na vita vya kale, nasikia neno moja katika manne. Jirani zangu, kwa wema wao, wakiniona nakunja uso hugeuka mara moja wakasema Kiswahili, nami kwa uvivu wangu nashukuru. Mzee alipoligundua hili alicheka sana, na siku hizi anapokuja kwangu hataki kusikia Kiswahili mpaka chai ya kwanza imekwisha. Anainua kidole.

Yako mambo ambayo hatukuyagusa, wala sikuona haja. Matamshi yake ni ya Bungoma na yatabaki ya Bungoma. *B* yake ina ladha ya *p*, na nionavyo mimi haimzuilii mtu kufahamu wala haimpunguzii ufasaha mwenye upatanisho uliotulia. Tulifanya ngeli tatu kwa miezi minne, na ngeli ya *u* hatujaifika vizuri. Wakati wa haraka, hasa anapobishania bei, "magunia mbili" hurudi kama mbuzi anayeijua njia ya zizi la zamani.

Mkutano wa mwaka ulikuwa mwezi uliopita, nami nilialikwa, nikakaa nyuma karibu na dirisha. Mzee alisimama akasoma kumbukumbu, na kusoma si kazi ngumu, maana zimeandikwa. Kisha mwanachama mmoja akainuka akamwuliza kwa ukali habari za mbolea iliyopotea, jambo ambalo halikuandikwa popote, na mzee akamjibu papo hapo kwa hasira kidogo: "Gari lilipofika, magunia mbili..." Akasimama. Nilimwona akikitazama kidole chake mwenyewe, ambacho kilikuwa kimeinuka bila yeye kujua. "Magunia mawili," akasema, "yalikuwa yamepasuka, na mimi ndiye niliyeyahesabu."

Jana usiku alinipigia simu. Hakunisalimu wala hakuniuliza habari za nyumbani. Alisema kwamba fundi amekuja kulitazama ghala la chama, na kwamba anaandika taarifa, na ukuta una ufa, tena si mmoja. "Mwalimu," akaniuliza, "zikiwa nyingi ni nyufa, nimesoma. Lakini nyufa hizo ni *kubwa* au ni nini?"

Nilinyamaza, nikamngoja.